Kukataa kazi za nyongeza msimu wa Idi bila kuharibu jina: maswali ya mafundi cherehani

Maswali haya ni ya mafundi wenye kibanda au chumba kimoja, cherehani mbili na kijana wa kumalizia, wanaoshona magauni, kanzu na sare za vitenge. Mengi huulizwa kuanzia Shaabani, vitambaa vinapoanza kumiminika, na hapa nimeyajibu kwa namna tunavyofanya kazi Dar es Salaam. Wa Krismasi na wa sare za shule za Januari watabadilisha tarehe tu.

Nitajuaje kwamba nimejaa? Mimi naona bado siku ni nyingi.

Siku huwa nyingi kwenye kalenda na chache kwenye cherehani. Hesabu kwa saa, tena saa za kushona, maana saa za kukaa kibandani ni jambo jingine. Ukifungua saa mbili asubuhi ukafunga saa kumi na moja ukafuturu, hukushona saa tisa. Kuna wanaokuja kupimwa, wanaokuja kuulizia, kuna uzi wa kufuata, kuna swala. Kwa fundi mzoefu, saa sita za kushona kwa siku ya Ramadhani ni nyingi tayari.

Chukua mfano wa fundi anayeanza hesabu tarehe mosi Ramadhani. Mwezi unaweza kuwa wa siku 29 au 30, yeye ahesabu 29. Atoe siku nne za mapumziko ya wiki, zibaki 25. Atoe na tatu za mwisho, ambazo ni za watu kujaribu nguo na kurekebishiwa, zibaki 22. Mara saa sita, anapata saa 132. Katika hizo atoe robo, yaani 33, kwa ajili ya umeme kukatika, zipu kuharibika, mteja aliyepimwa Rajabu na sasa kiuno kimeongezeka. Anabaki na saa 99 za kuahidi watu.

Sasa aangalie daftari lake. Gauni la kitenge lisilo na bitana, kukata hadi pasi, tuseme linamla saa tatu. Lenye bitana na zipu ya kufichwa saa sita. Kanzu saa nne. Kama ameshapokea magauni 15 ya kawaida, matano ya bitana na kanzu sita, hiyo ni 45, 30 na 24. Jumla saa 99. Amejaa, hata kama ni tarehe nne tu na kibanda kinaonekana kitupu.

Saa zako zinaweza kuwa tofauti na hizi. Pima nguo tatu za kila aina kwa saa ya ukutani, kuanzia unapokunjua kitambaa. Mafundi wengi wakiulizwa gauni huchukua muda gani hutaja muda wa kushona, wakasahau kukata, ovaloki, vifungo, kukunja pindo kwa mkono na pasi.

Na ile robo niliyoiweka akiba, siwezi kuipokelea kazi kama mambo yanaenda vizuri?

Mpaka tarehe 20, usiiguse. Baada ya hapo, kama imebaki, unaweza kupokea vitu vidogo: kupunguza urefu wa suruali, kubana gauni la dukani. Nguo nzima usipokee. Robo hiyo ndiyo inayokufanya ukabidhi kwa tarehe uliyosema, na jina la fundi hujengwa hapo tu.

Mteja amesimama mbele yangu, kitambaa mkononi. Nimwambie nini hasa?

Mambo matatu, na uyaseme kabla mkono wako haujakigusa kitambaa: kwamba kwa Idi hii hutaweza, tarehe ya karibu unayoiweza, na kitu kimoja unachoweza kumfanyia sasa hivi. Kwa mfano:

"Dada yangu, kwa Idi hii nimeshajaa, nikikipokea nitakudanganya. Naweza kukushonea kuanzia siku ya nne baada ya Idi. Kama unataka, nikupime leo, vipimo vibaki kwenye daftari, kitambaa ukae nacho mwenyewe."

Kwa mtu mzima anza na shikamoo na habari za swaumu, halafu sema yale yale. Heshima iwe kwenye maamkizi na sauti. Jibu lenyewe lisilegezwe. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanaona aibu kumkatalia mtu usoni, basi wanasema "niachie tu mama, nitaona nitakavyofanya." Wewe umesema utaangalia. Yeye ametoka hapo ana nguo ya Idi, na hatatafuta fundi mwingine. Akija tarehe 28 akakuta kitambaa kiko kwenye mfuko wake vilevile, saa hizo hakuna fundi yeyote mjini atakayempokea, na mtoto wake ataswali Idi na nguo ya mwaka jana. Ukimkatalia tarehe nne anakasirika akiwa bado ana wiki tatu za kutafuta.

Kuhusu kutogusa kitambaa sitanii. Ukishakishika, ukakikunjua, ukaanza kukisifia rangi, umeshaingia kwenye kazi. Kukirudisha baada ya hapo ni kama kumnyang'anya.

Nitoe sababu? Wengine wanauliza "kwani una kazi nyingi kiasi gani?"

Sababu ni moja na ni ya kweli: daftari limejaa. Lifungue mbele yake akitaka, aone mistari. Usimwambie mashine mbovu, usimwambie unaumwa, usimwambie unasafiri. Uswahilini watu wanapita. Atapita kesho akukute unapiga cherehani, na tangu siku hiyo hata ukiugua kweli hataamini.

Daftari liwe na safu nne: jina, nguo, saa, tarehe ya kukabidhi. Safu ya saa ndiyo inayokosekana kwenye madaftari mengi niliyoyaona.

Kamati ya harusi imekuja tarehe 14 Ramadhani na sare 12 za kitenge. Ni kazi kubwa, hela nzuri. Nikatae?

Swali la kwanza usiwaulize hela, waulize ndoa ni lini. Huku pwani Waislamu wengi hawaozeshi Ramadhani, na baada ya Idi ndoa zinafuatana. Mara nyingi kamati inataka nguo kabla ya Idi kwa sababu tu imeshaumizwa na mafundi, kwa hiyo inajiwekea wiki za kukimbizana.

Turudi kwa fundi wetu wa saa 99. Sare 12 kwa saa tatu ni saa 36, siku sita kamili bila kugusa kitu kingine. Akiba yake ilikuwa saa 33, na kufikia tarehe 14 sehemu yake imeshaliwa. Hakuna namna ya kuzipenyeza. Akizipokea, saa 36 zitatoka kwenye nguo za watu waliotangulia, na watakaoumia ni wale waliofika mapema wakamwamini.

Wakamwambia ndoa ni wiki tatu baada ya Idi. Basi jibu lake liwe hivi: "Kabla ya Idi siwezi hata moja. Ila leteni watu wote 12 wapimwe wiki hii, usiku baada ya tarawehe, mmoja mmoja. Kitambaa kaeni nacho. Siku ya nne baada ya Idi mnaniletea kitambaa na kianzio, wiki moja baadaye mnakuja kujaribu, na siku ya 14 nakabidhi zote." Kamati inabaki na wiki nzima ya akiba kabla ya ndoa. Fundi amekataa kazi ya Ramadhani na amepata kazi ya Shawwal.

Watasema: "Chukua sita, sita tutampa mwingine." Hapo kataa tena. Sare ya kitenge iliyoshonwa na mikono miwili hujulikana siku ya picha. Shingo za hawa zimeshuka kidogo, mikono ya wale imebana, mapindo hayalingani, na maua ya kitambaa yamekatwa kwa mwelekeo tofauti. Lawama hugawanywa kwa wote wawili, na kitenge kikiharibika huenda chapa ile ile imeshakwisha madukani Kariakoo. Afadhali fundi mmoja ashone zote, hata kama si wewe.

Na kama ndoa yenyewe ni siku tano baada ya Idi, kataa yote siku hiyo hiyo, waende wakatafute.

Wifi, shangazi, mama mwenye nyumba. Hao nao nawakatalia?

Hao huwezi kuwakatalia kwa maneno yale ya mteja wa njiani, na hakuna haja ya kujidanganya kwamba unaweza. Wanakuja tarehe 25, bila kianzio, na wanasema "hii ndogo tu." Dawa yake ni kuwahesabu kabla hawajaja. Mwanzoni mwa Ramadhani, kwenye zile saa 99, andika saa 12 kwa jina la "nyumbani", halafu uwapigie simu wewe mwenyewe: "Shangazi, nakushonea gauni moja la Idi, lete kitambaa kabla ya tarehe kumi." Ukiwahi wewe, tarehe kumi inakuwa zawadi yenye masharti. Akiwahi yeye, tarehe 25 inakuwa deni.

Akipitiliza, jibu lako ni: "Shangazi, nafasi yako ilikuwapo mpaka tarehe kumi, nimeshampa mtu. Hili nitakushonea baada ya Idi, wala sitaki hela." Atanuna. Kwenye familia nyingi kununa huko huisha siku ya pili ya Idi, sahani zikianza kupita.

Mama mwenye nyumba ni kesi ya peke yake, kwa sababu kodi yako iko mkononi mwake. Mimi ningemwingiza kwenye saa za nyumbani bila mjadala. Ila alipe, na aandikwe kwenye daftari kama wengine. Kazi ya bure kwa mwenye nyumba haina mwisho.

Mteja anasema ataongeza hela, hata mara mbili. Si biashara?

Jiulize hela hiyo inanunua nini. Kama inanunua fundi wa kutwa mwenye cherehani yake, unayemfahamu mkono wake, basi zimepatikana saa mpya na unaweza kupokea. Kama inanunua usingizi wako, kumbuka unafunga, unakula daku, na mkono uliokosa usingizi hukata kitambaa vibaya. Kitambaa kikikosewa kukatwa hakirudi, na gharama ya kukilipa hula ile nyongeza yote. Kama inanunua nafasi ya mteja mwingine, hiyo ni hela ya mtu mwingine, irudishe.

Sijui fundi aliyepona kwenye tabia ya kupokea nyongeza ya Idi. Wateja huambiana, na mwaka unaofuata kila mtu anachelewa makusudi akijua nafasi inauzwa.

Nimerudi kutoka swala ya alasiri nimekuta mfuko umeachwa kibandani, na ujumbe: "fundi nimekuachia, ukipata nafasi." Nifanye nini?

Jibu leo hii, kabla ya futari. Ukikaa kimya siku mbili, ukimya wako umekuwa ahadi. Mwandikie:

"Asalaam aleikum mama. Mfuko wako nimeuona, sijaufungua. Kwa Idi nafasi imekwisha, sitaweza. Naomba uufuate leo au kesho, au nimtume kijana akuletee. Baada ya Idi karibu sana."

Mtume kijana kweli. Nauli ya bodaboda ni ndogo kuliko ugomvi wa tarehe 29. Na mfundishe huyo kijana: usipokuwepo, hapokei kitambaa cha mtu yeyote. Anaruhusiwa kuandika jina na namba ya simu tu. Vibanda vingi hujazwa na kijana anayeona haya kumwambia mtu mzima "subiri fundi."

Nimpeleke kwa fundi mwenzangu?

Ndiyo, kama umempigia huyo mwenzako kwanza ukathibitisha ana nafasi, na kama mteja anakwenda mwenyewe na kitambaa chake. Mwambie wazi: "Huyu anashona vizuri kanzu, bei mtaelewana naye, na kazi itakuwa yake." Jina lako linaishia kwenye kumwelekeza.

Kinachoharibu ni kupokea kitambaa wewe, ukakipitishia kwa mwingine kimyakimya, ukabaki na tofauti ya bei. Nguo ikija na bega limepanda, mteja anajua mkono wako, atauona si wako. Hutaweza hata kumlaumu aliyeshona, maana mteja hamjui.

Nimeshapokea kupita uwezo. Ni tarehe 12 na hesabu inaonyesha nimezidi saa 30. Sasa?

Tenganisha mifuko iwe mafungu mawili: vilivyokatwa na visivyokatwa. Kilichokatwa ni chako, utakimaliza hata kwa kutokulala, kwa sababu hakuna fundi atakayekubali kuendeleza mkato wa mwenzake na kitambaa hakiungiki tena. Kisichokatwa bado kinarudishika.

Kwenye visivyokatwa, anza na waliokuja mwisho, na wenye nguo zinazokula saa nyingi. Magauni matano ya bitana yakirudi umepata saa 30, yaani simu tano tu. Piga simu usiandike, kwa sababu mtu akisoma ujumbe wa namna hii anaona unamkwepa. Sema: "Dada, nimepiga hesabu upya, la kwako sitaliwahi Idi. Bado una wiki mbili. Nakurudishia kitambaa na kianzio chote leo. Nimeongea na fundi fulani, ana nafasi mbili." Hakikisha hiyo sehemu ya mwisho ni kweli kabla ya kuisema.

Kianzio kirudi chote, siku hiyo hiyo. Ndiyo maana kianzio cha nguo ambayo hujaikata hakitumiwi, hata kama futari ya nyumbani inakidai. Fundi aliyekila kianzio analazimika kushikilia kitambaa asichoweza kukishona, na uongo wote wa "kesho pitia" unaanzia hapo.

Mimi nimeajiriwa, bosi ndiye anayepokea kazi na kunirundikia. Nakataaje?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida 45 kwa wiki. Za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Pamoja na hizo za ziada, siku isizidi saa 12 za kazi. Ijue, lakini usianze mazungumzo nayo.

Anza na daftari. Mpelekee bosi orodha asubuhi, kabla wateja hawajafika: "Bosi, niliyonayo ni haya, yananifikisha tarehe 27. Hili jipya nikiliingiza, lipi litoke?" Ukimwuliza lipi litoke, uamuzi unabaki kwake na tarehe iliyopotea inabaki mikononi mwake. Akisema "yote yatoke", andika mbele yake tarehe halisi utakayofikia kila moja. Wengi hapo hupunguza wenyewe. Asiyepunguza, angalau siku mteja akija kugomba, karatasi inaonyesha nani aliahidi.

Nikikataa hivi, si watazoea kwenda kwa mwingine?

Baadhi watakwenda na hawatarudi, hasa wapita njia wa wiki ya mwisho, ambao hata ungewashonea wasingerudi. Wenyeji hurudi Shawwal, wengine na hadithi ya walichofanyiwa huko.

Namna ya kujua jina lako likoje, sikiliza tarehe wanazokupa. Fundi aliyepoteza imani hudanganywa tarehe: shughuli ni Jumamosi ya pili, mteja anasema Jumamosi hii, ili achelewe anavyochelewa na bado awahi. Hupigiwa simu kila siku kuulizwa "umefikia wapi." Watu hukaa kwenye benchi lake wakisubiri mpaka nguo ishonwe macho yao yakiona. Ukianza kuona hayo, punguza unachopokea msimu ujao kwa theluthi. Siku wateja wanapokupa tarehe ya kweli na hawapigi simu katikati, jina limerudi.

Idi nayo inategemea mwezi. Nahesabu siku gani?

Hesabu siku 29, na tarehe ya kukabidhi iwe 26, usiandike "Idi" kwenye daftari. Kuna wanaosubiri tangazo la mwezi hapa nchini na kuna wanaofuata mwandamo wa Saudia, kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuswali siku mbili tofauti. Muulize kila mteja anaswali na nani. Anayetangulia awekwe mwanzo wa foleni. Mwezi ukikamilisha 30, siku iliyozidi ni ya vifungo na pasi, na mtu akija na kitambaa kipya usiku wa tarehe 29 kwa sababu "bado kuna kesho", mkaribishe chai na umpe tarehe ya Shawwal.